Kalavati limefukuliwa na maji na barabara haikufurika. Tatizo ni udogo wa bomba au ulazaji?

TopeTupu · #1
Wakuu habari. Nina kibarabara cha kuingilia shambani, upana mita 4, kinakatiza kijikorongo ambacho kiangazi huwa kikavu kabisa. Mwaka jana fundi aliniwekea kalavati la zege la mm 450, vipande 5 vya mita moja moja. Alichimba, akamwaga mawe na kokoto kubwa chini, akapanga mabomba, akafukia kwa udongo uleule aliouchimba. Ukuta wa mdomoni hakujenga, alisema kwa bomba dogo hivi ni kupoteza saruji. Kutoka sakafu ya bomba hadi usawa wa barabara ni mita 1.1.

Wiki iliyopita ikapiga mvua kubwa jioni. Asubuhi nimekuta barabara imekatika nusu, kipande cha kwanza cha bomba kimeinamisha pua, na ubavuni mwake kuna shimo ambalo mbuzi anapita bila kuinama.

Kinachonichanganya ni hiki. Maji hayakupita juu ya barabara. Upande wa juu mstari wa takataka umeishia kama sm 40 chini ya usawa wa barabara. Na ndani ya bomba tope limechora mstari katikati tu, kwa hiyo bomba halikujaa. Fundi anasema bomba ni dogo, niweke la 900. Kama halikujaa, huo udogo unatoka wapi?

Kiroboto · #2
Fundi anayesema bomba ni dogo ndiye yule aliyelichagua?

TopeTupu · #3
Ndiye huyo huyo.

Kiroboto · #4
Sawa. Endeleeni.

NjiaPanda · #5
Mkuu mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo getini, nikaweka bomba la plastiki la inchi 6 juu yake zege kidogo, hadi leo gari inapita. Usijisumbue na makalavati makubwa.

TopeTupu · #6
@NjiaPanda ahsante, ila lako nadhani ni la mtaro wa pembeni mwa barabara. Mimi nazungumzia korongo linaloleta maji ya mlima mzima.

NjiaPanda · #7
Aah, nilisoma haraka. Basi nipo hapa najifunza.

Mwashi_Mzee · #8
Hapo hakuna fumbo. Bomba halikushindwa, kilichoshindwa ni kila kitu kilicholizunguka. Fundi wako amemwaga mawe na kokoto kubwa chini ya bomba bila ukuta mbele. Maana yake ametengeneza bomba la pili chini ya bomba la kwanza. Maji yakifika mlangoni yanakuta njia mbili, moja ya zege na nyingine ya mawe yenye matundu. Ile ya mawe inaanza kuvuja kidogo, inabeba udongo laini wa pembeni, tundu linakua, na likishakua kiasi cha mkono hakuna wa kulizuia. Kwa hiyo barabara inakatika kutokea chini, siyo juu. Ndiyo maana hukuona maji yakipita juu.

Nimejenga makalavati madogo tangu ujana wangu. Yaliyobomoka mbele ya macho yangu, mengi yalibomokea ubavuni.

NusuHesabu · #9
Naungana na fundi kidogo, kwamba maji yalikuwa mengi. Ila usinunue 900. Hiyo 450 yako itoe uiweke tena, halafu pembeni yake weka mawili ya 300. Jumla 450 + 300 + 300 = 1050, umeshapita 900 na mabomba madogo yanabebeka kwa mikono.

Pima_Kwanza · #10
@NusuHesabu hapo kwenye kubebeka uko sahihi, kwenye kujumlisha vipenyo hapana. Eneo la tundu linafuata mraba wa kipenyo. Mabomba mawili ya 300 yana nusu tu ya tundu la 600. Na uwezo wa kumeza maji mlangoni unashuka haraka kuliko eneo, kwa sababu bomba dogo linamezea kina kifupi cha maji. Ukichukua maji yaliyofika usawa wa juu wa tundu, bomba moja la 300 linameza chini ya moja ya tano ya kile anachomeza 600. Huo mkusanyiko wako wa matatu haufiki hata nusu ya 900 moja.

@TopeTupu swali lako ni zuri kuliko majibu yaliyotolewa hadi sasa, nikiwemo mimi. Kabla ya kumlaumu mtu nipe vitu vitatu. Eneo linalomwaga maji kwenye hilo korongo ni hekta ngapi? Limefunikwa na nini? Na kuna kitu chochote kilichokusanya mvua ya siku ile, ndoo, sufuria, pipa lenye kuta zilizosimama wima?

TopeTupu · #11
Nimezungusha mstari kwenye ramani ya simu kufuata migongo ya vilima: hekta 9 na kidogo. Nusu ni majani ya malisho, nusu ni shamba lililolimwa, mteremko mkali. Kutoka kilele hadi kwenye kalavati ni kama mita 450.

Kuhusu ndoo, una bahati. Kulikuwa na ndoo ya rangi tupu uwanjani, imenyooka kuta. Nilipima kwa rula asubuhi, mm 45. Mvua yenyewe haikuzidi nusu saa, niliisikia ikianza na ikikata kama mtu amefunga bomba.

Pima_Kwanza · #12
Safi kabisa. Milimita 45 kwa nusu saa ni mwendo wa 90 kwa saa. Kwa eneo dogo hivi hesabu ya haraka ni hii:

```
Q = C * i * A / 360
Q = 0.4 * 90 * 9 / 360 = 0.9
```

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, A ni hekta, i ni milimita kwa saa. C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, na 0.4 nimeichagua kwa mteremko wako na nusu ya shamba lililolimwa. Mwingine angesema 0.3, mwingine 0.5, na wote wasingekuwa wajinga. Tuseme lita 900 kwa sekunde.

Sasa bomba lako. 450 yenye maji yaliyosimama mlangoni hadi mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani kama sm 68, linameza takriban lita 270 kwa sekunde. Hata maji yangefika usawa wa barabara, lingemeza lita 400 hivi. Hata nusu ya mzigo halifiki. Fundi amekosea mengi, ila kwamba bomba ni dogo amesema kweli.

TopeTupu · #13
Lakini mstari wa tope ndani ya bomba uko katikati! Lingemezaje 270 likiwa nusu tupu?

Pima_Kwanza · #14
Hapo ndipo wengi tunapotelezea. Bomba fupi lenye mteremko mzuri halijai ndani hata mlango wake ukiwa umezama. Kizuizi ni mlango. Maji yanajibana kuingia, yakishaingia yanapata mteremko, yanaongeza mwendo na kulala chini. Ni kama umati unaotoka uwanjani: nje ya geti watu wamebanana, hatua kumi baada ya geti kila mtu anatembea kwa nafasi. Ukimpima aliye ndani ya geti utasema geti ni pana.

Kwa hiyo mstari wa ndani haukwambii kitu. Tazama wa nje. Barabara iko mita 1.1 juu ya sakafu ya bomba, toa sm 40, maji yalisimama sm 70 mlangoni. Tundu lako ni sm 45. Mlango ulizama.

Mwashi_Mzee · #15
Mhandisi, hesabu yako siipingi, lakini umejifunga mwenyewe. Kama maji yalikuwa 900 na bomba linameza 270, zile 630 zingepanda hadi juu ya barabara kwa dakika chache. Hazikupanda. Kwa nini zilisimama sm 70? Kwa sababu zilishapata njia chini. Kalavati lililojengwa vizuri lingefurika juu, ungekuta barabara imechubuka, ungeweka moramu mpya, maisha yanaendelea. Hili limekatika kwa ulazaji.

Pima_Kwanza · #16
Nakubali nusu. Mstari wa takataka ni kina cha maji wakati njia ya chini ilipofunguka, siyo kina ambacho yangefika. Lakini kilichosukuma maji chini ya bomba ni hicho kina. Bomba kubwa zaidi lisingeruhusu sm 70 zisimame hapo. Msukumo ungekuwa mdogo, pengine mawe yako yangevuja tu bila kung'oka.

Mwashi_Mzee · #17
"Pengine." Andika hilo neno kwa herufi kubwa.

Bibi_Korongo · #18
Wanangu mmesahau takataka. Mimi nina kalavati la 600 kwenye njia ya nyumbani na kila msimu natoa shehena ya mabua na matawi mlangoni. TopeTupu, shamba lililolimwa juu linaleta mabua. Ulikuta nini mdomoni? Bomba lenye kizibo cha mabua hata liwe 900 linameza kama 300.

TopeTupu · #19
Shikamoo bibi. Kulikuwa na rundo la nyasi na tawi moja, ila lilikuwa pembeni ya shimo jipya, sijui lilifika kabla au baada.

Bibi_Korongo · #20
Marahaba. Basi hutajua tena. Msimu ujao kaa na mwavuli uangalie.

Dereva_Tipa · #21
Naleta la upande wa juu, maana wote mko chini ya bomba. Udongo juu ya bomba ni kiasi gani? Mimi niliwahi kuvunja kalavati la mtu mchana kweupe. Bomba la plastiki lenye mikunjo, jipya, udongo juu yake haukuzidi shibiri. Nikaingia na tipa ya mchanga imejaa, tairi la nyuma likashuka taratibu kama gari linapiga magoti. Tulipofukua bomba lilikuwa na umbo la yai. Mwenye nyumba akanilaumu mimi, fundi akanilaumu mimi, na mimi nikajilaumu kwa kukubali kuingia.

TopeTupu · #22
Juu ya bomba nilikuwa na kama sm 60. Gari zangu ni pikapu, lori huja mara mbili kwa mwaka.

Pima_Kwanza · #23
Sm 60 ni nzuri. Kwa gari ndogo mimi sishuki chini ya 30, kwa lori lililobeba naomba 60 kama bomba siyo la aina ya kubeba mzigo mzito. Ila pima kutoka mgongo wa bomba hadi sehemu ya chini kabisa ya barabara, yaani ndani ya alama za matairi, siyo katikati palipoinuka. Na kumbuka greda au jembe la kusawazisha barabara linakula sentimita chache kila mwaka. Nimekuta kalavati lililoanza na sm 40 likabaki na 15, mwenyewe hana habari.

Bomba la plastiki lina hatari yake. Lenyewe ni laini, linabebwa na udongo wa ubavuni. Udongo usiposhindiliwa pembeni, hata mita moja ya udongo juu haikuokoi. Nadhani la @Dereva_Tipa lilikuwa na makosa mawili kwa pamoja.

Dereva_Tipa · #24
Nitamwonyesha mwenye nyumba huu ujumbe.

TopeTupu · #25
Wakuu nimerudi. Leo nimefukua na vijana wawili, taratibu, kutoka upande wa juu. Nimekuta haya.

Kipande cha kwanza na cha pili vimeachana, mwanya wa vidole viwili. Hakuna saruji kwenye kiungo, wala haikuwahi kuwepo. Chini ya vipande vitatu vya mwanzo mawe ya tandiko yameoshwa, yanang'aa, katikati yake hakuna hata punje ya udongo, ukiingiza fimbo inapita. Vipande viwili vya chini bado vimekaa imara, udongo wake uko palepale. Na jambo jingine: majike ya mabomba, yaani ile midomo mipana, yametazama chini, maji yanakoelekea.

Mwashi_Mzee · #26
Nilisema. Mawe yameoshwa safi. Kesi imekwisha.

MzeeWaLevo · #27
Haijaisha mzee mwenzangu. Kiungo kilichoachana kinaeleza kitu kilekile. Maji ya ndani ya bomba yanatoka kwenye mwanya, yanapiga udongo, yanaosha mawe kutokea ndani kwenda nje. Huwezi kujua mawe yalioshwa na maji ya nje yaliyoingia au ya ndani yaliyotoka.

Na hayo majike yaliyotazama chini yanaonyesha fundi alianza kupanga kutoka juu. Bomba linapangwa kutoka chini kwenda juu. Unaanza upande wa kutokea, jike linatazama maji yanakotoka, dume la linalofuata linaingia ndani yake. Kila kipande kinakiegemea cha chini yake na uzito wenyewe unabana kiungo. Ukianza juu, kila kipande kinavuta kujitenga na mwenzake.

Mwashi_Mzee · #28
Kiungo kiliachana *baada* ya tandiko kuondoka. Pua iliinama kwa sababu chini hakuna kitu.

MzeeWaLevo · #29
Au tandiko liliondoka kwa sababu kiungo kilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Ulikuwepo?

Kiroboto · #30
Tungemwita bomba mwenyewe atoe ushahidi.

SaluniYaZege · #31
Jamani mimi ni mfuatiliaji tu, lakini ninachosoma kila mahali ni kwamba bomba lilazwe kwenye kokoto au mchanga wa kokoto. Sasa Mwashi anasema kokoto ndiyo adui. Tushike lipi?

Pima_Kwanza · #32
Swali zuri. Kokoto siyo adui. Bomba linataka kitanda kinacholigusa urefu wote, kwa sababu likikalia jiwe moja hapa na jingine kule linapasuka kama mti unaovunjwa kwenye goti. Sm 10 hadi 15 za kokoto ndogo iliyochanganyika na mchanga, au moramu iliyochekechwa mawe makubwa, inatosha. Penye shingo ya jike unachimba kijishimo kidogo ili mwili wa bomba ndio ukalie kitanda, siyo shingo.

Aliyofanya fundi wa @TopeTupu ni mawili. Alitumia mawe makubwa yenye matundu na hakuna mchanga wa kujaza, na akaacha kitanda wazi mlangoni. Tandiko lolote linalopitisha maji lazima lizibwe upande wa juu. Ndiyo kazi ya jino.

SaluniYaZege · #33
Jino gani tena?

Mwashi_Mzee · #34
Hapa niachieni mimi. Watu wakisikia ukuta wa kichwa wanadhani ni urembo, au ni wa kuzuia gari lisitumbukie. Kazi yake ya kwanza iko chini ya ardhi. Unachimba mfereji kuvuka korongo, kina sm 50 hadi 60 chini ya sakafu ya bomba, ukiingia kwenye udongo mgumu ambao haujaguswa, na mabega yake yanaingia kwenye kingo kushoto na kulia. Unajaza zege au mawe na saruji. Hilo ndilo jino. Juu yake unasimamisha ukuta, bomba linapita katikati, unalizungushia mota bila kuacha hata tundu la kalamu. Maji yakitaka kupita chini ya bomba yanagonga jino. Yakitaka kupita ubavuni yanagonga mabega. Hayana budi kuingia mlangoni.

Mbele ya ukuta weka sakafu ya zege ya mita moja hivi, nayo iwe na kijino chake mwishoni. Mabawa pembeni yafunguke kama mikono ya mtu anayemwita mtoto. Upande wa kutokea nao unajengewa ukuta, na mbele yake mawe makubwa yaliyopangwa, urefu kama mara nne ya kipenyo cha bomba. Usipoweka, maji yanachimba shimo, shimo linarudi nyuma, na ukuta wako unaning'inia.

MzeeWaLevo · #35
Hapo nakuunga mkono mia kwa mia, na naongeza: ukuta ungesaidia hata urefu. Barabara mita 4, kina mita 1.1. Bila ukuta udongo unataka kulala mita moja na nusu kwenda nje kwa kila mita ya kimo, kwa hiyo kila upande mita 1.6 hivi. Jumla zaidi ya mita 7 za bomba. Yeye kaweka 5. Udongo ulikuwa umesimama karibu wima mdomoni, unasubiri mvua tu.

TopeTupu · #36
Kweli, tangu mwanzo ulikuwa unamomonyoka pale mdomoni. Nilikuwa narudishia kwa koleo.

Sasa naomba tuhamie mbele. Kama ni kujenga upya, niweke nini? Fundi mwingine (siyo yule) anasema mawili ya 600.

Pima_Kwanza · #37
Tuone. 900 moja, maji yakifika usawa wa juu wa tundu lake, inameza lita 950 hivi. Inatosha mzigo wa lita 900 bila mlango kuzama. Tatizo ni kimo. 900 na unene wa zege lake vinafika karibu mita moja juu ya sakafu, na wewe una mita 1.1. Itabidi uinue barabara sm 30 hadi 50 kupata udongo wa juu, na njia za kupandia pande zote mbili ziwe ndefu.

Mawili ya 600 yakiwa na maji sm 60 mlangoni yanameza lita 700 kwa pamoja, yakiwa na sm 90 yanapita 1000. Mzigo wako utasimama kwenye sm 80 hivi. Mgongo wa bomba uko sm 67 juu ya sakafu, udongo wa juu unabaki sm 43. Hapo barabara haiinuki. Kwa lori mara mbili kwa mwaka, tafuta bomba zenye nondo na usiruhusu lori lipite hadi udongo ushindiliwe wote.

Katikati ya mabomba mawili acha angalau sm 30 au 40, upitishe mguu na kishindilio. Wengi wanayagusanisha, halafu pale katikati chini hapafikiki, panabaki pango.

Bibi_Korongo · #38
Mawili ya 600 yana midomo miwili ya kuzibwa na ukuta katikati wa kunasa matawi. Mimi ningeinua barabara niweke 900.

Dereva_Tipa · #39
Mimi kama dereva sitaki mwinuko mfupi mkali, gari refu linakaa tumbo. Mawili ya 600.

NusuHesabu · #40
Na kwa nini msiweke zege tu chini ya korongo, maji yapite juu, gari lipite ndani ya maji? Drifti. Hakuna bomba la kuziba.

Pima_Kwanza · #41
Leo umenifurahisha, na siyo kejeli. Korongo kavu la hekta 9 ni mahali pazuri pa drifti kama unaweza kusubiri saa moja maji yapungue. Ila mita 1.1 ya kimo inabidi uichonge kingo zote mbili ushuke. Njia ya kati ni kuacha sehemu moja ya barabara, pembeni ya kalavati na siyo juu yake, iwe chini sm 20 na ipangwe mawe yenye saruji. Mvua ikizidi hesabu yetu, na siku moja itazidi, maji yatapita hapo bila kuling'oa kalavati. Hiyo 90 mm kwa saa ni wastani wa nusu saa. Dakika 10 za katikati zilikuwa kali zaidi, na korongo lako linaitikia ndani ya dakika kama 10. Kwa hiyo lita 900 ni mzigo wa chini, siyo wa juu.

TopeTupu · #42
Nimeelewa. Na kufukia? Safari hii nataka kusimamia mwenyewe.

MzeeWaLevo · #43
Simamia makwapa. Kwapa la bomba ni pale chini pembeni linapojikunja kwenda kwenye kitanda. Fundi mvivu anamwaga udongo kutoka juu, unapita pembeni, kwapa linabaki tupu, kwa macho huoni. Mwambie asukume udongo wenye unyevu kidogo chini ya kwapa kwa mti, kushoto na kulia kwa zamu, hadi bomba likisukumwa lisitikisike. Baada ya hapo tabaka za sm 15, kushindilia, upande huu halafu ule, usiache upande mmoja ukapanda zaidi ya tabaka moja juu ya mwenzake, bomba litahama. Mawe makubwa kuliko ngumi yatupwe mbali. Mashine nzito isipite juu hadi ufikie sm 30.

Mteremko, chukua 2 kwa 100. Kwa mita 6 ni sm 12. Tumia mpira wa levo, usikubali "kwa jicho". Na sakafu ya bomba ikae usawa wa sakafu ya korongo lenyewe, juu na chini. Ukiinua upande wa kutokea ili usichimbe sana, tope litalala ndani. Ukiuacha unaning'inia, maji yatachimba shimo.

Mwashi_Mzee · #44
Na kabla ya kufukia ziba viungo kwa mota nje, ndani futa kwa gunia. Piga picha kila kiungo. Fundi akijua kuna picha, mkono unakuwa mwepesi.

TopeTupu · #45
Ahsanteni sana. Nimeelekea kwenye mawili ya 600, kuta mbili, jino sm 60, na sehemu ya chini pembeni. Fundi wa kwanza amepiga simu, anasema nimwachie kazi, safari hii ataweka ukuta bure.

Kiroboto · #46
Muulize kwanza jike linatazama wapi.

Bibi_Korongo · #47
Bado nasema 900.

Mwashi_Mzee · #48
@MzeeWaLevo kuhusu kile kiungo, nimefikiria tena usiku. Vipande viwili vya chini vilikuwa imara, na viungo vyake navyo havikuwa na saruji. Kama mwanya ndio chanzo, kwa nini kule chini hakukuoshwa?

MzeeWaLevo · #49
Kwa sababu kule vipande vilikuwa bado vimebanana, mwanya haujafunguka. @TopeTupu, kabla hujavitoa hivyo viwili, ingiza kisu kwenye kiungo uone kinaingia kiasi gani.

TopeTupu · #50
Vijana walishavitoa leo asubuhi.